Sifuri ya kopo na kijiko cha wifi

*Shikamoo mama. Niko Malindi, upande wa Barani. Tangu mwezi wa nne naandika kwenye simu kila ninachokula. Mafuta ya kumimina nimeyaacha, napuliza tu yale ya kopo, na kopo lenyewe limeandikwa kalori 0, basi nami naandika 0. Wifi yangu, ambaye tunapika jiko moja, anapima mafuta yake kwa kijiko cha chai na kuandika kila kijiko. Hesabu yake inakwenda sawa na mizani ya kujipimia, yangu haiendi. Kupuliza kidogo na kijiko kimoja, ipi ina hesabu ya kweli? Na nikipuliza niandike nini?*

Marahaba mwanangu. Ukipuliza andika gramu, usiandike 0 tena. Kwa sasa hesabu ya kweli ni ya wifi yako, kwa kuwa anachomimina ndicho anachoandika. Kopo lako linaweza kukupa hesabu nzuri vilevile, tena pengine kukupunguzia mafuta kuliko kijiko, lakini mpaka ulitie kwenye mizani ya jikoni.

Tuanze na hiyo 0, maana ndiyo iliyokupoteza, na haikukupoteza peke yako. Makopo mengi yenye 0 yameandikwa kwa kufuata kanuni za lebo za Marekani. Kule, kipimo cha mara moja cha mafuta ya kupuliza kimewekwa kuwa gramu 0.25, na chakula chochote chenye kalori chini ya 5 kwa kipimo kinaruhusiwa kuandikwa 0. Hata mafuta yenyewe, yakiwa chini ya nusu gramu kwa kipimo, yanaandikwa 0. Robo gramu ya mafuta ina kalori kama 2. Mbili ni chini ya tano, basi kopo likaandikwa 0, na sheria haikuvunjwa.

Ligeuze kopo lako usome maandishi madogo karibu na hiyo 0. Utakuta kipimo kimeelezwa kwa muda: kupuliza kwa robo sekunde, au theluthi ya sekunde. Robo sekunde ni kidole kugusa na kuachia. Sijaona mtu akapaka kaango kwa mguso wa namna hiyo, na nimesimama katika majiko mengi, Lamu na huko kwenu. Ukitaka kuona jambo hili linavyokwenda, chukua kopo la gramu 170. Kwa kipimo cha robo gramu lina vipimo 680. Kila kimoja 0, kwa hiyo kwa mujibu wa lebo kopo zima ni 0. Lakini soma kilichomo ndani: cha kwanza kuandikwa ni mafuta, na kopo hilo likiisha litakuwa limetoa zaidi ya kalori 1,300.

Simu nayo haina la kufanya hapo. Imeambiwa kipimo kimoja ni 0, basi hata ukiandika vipimo ishirini itazidisha na kukurudishia 0. Ndiyo maana kuwa mwangalifu zaidi katika kuandika hakukukusaidia. Kasoro iko kwenye namba uliyoichagua, na namba hiyo haibadiliki hata upulize mpaka kaango lielee.

Sasa kupuliza kwa kweli ni kiasi gani? Tuseme ukishikilia kidole sekunde nzima, hutoka karibu gramu 1, ambayo ni kalori kama 8. Kijiko cha chai kilichopimwa sawasawa ni mililita 5. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo mililita 5 zina uzito wa gramu 4.6 hivi, na kalori zake ni kama 40. Ukilinganisha, sekunde moja ya kopo ni kama sehemu moja kwa tano ya kijiko cha wifi yako, na sekunde tano ni kijiko kizima. Hapo ndipo swali lako linapokaa: kwa kawaida wewe hushikilia kidole kwa sekunde ngapi?

Watu hawajui, na sikulaumu usipojua. Kuna mama mmoja wa Langoni, Lamu, nilikuwa nikimfuatilia, na alikuwa akiandika 0 kama wewe. Nilimwomba apike samaki wake kama siku zote, nami nikashika simu nikapima muda. Alianza ukingoni mwa kaango, akazungusha mkono mpaka akarudi alikoanzia, kisha akamalizia katikati. Nikamuuliza amepuliza kiasi gani, akasema, "Mara moja tu." Na kweli ilikuwa mara moja, kwa maana kidole hakukiinua. Saa yangu ilikuwa imesoma sekunde nne na kidogo. Alipogeuza samaki akapuliza tena upande wa pili, na mkia ulipogoma kubanduka akauongezea.

Nilimwambia tuinamishe kaango kabla hajaweka kipande cha pili. Yale mafuta, ambayo yalipokuwa ukungu yalionekana kama si kitu, yaliteremka yakakusanyika upande mmoja, na palepale yeye mwenyewe akasema hicho ni kijiko. Jicho hudanganyika kwa sababu mafuta ya kumimina unayaona yakienda kama uzi, yana unene na yana mng'aro, lakini ya kupuliza hutua kama umande. Alama moja ya kujua umepita kiasi ni hii: kaango likiwa limepakwa tu, hung'aa bila kutiririka. Ukiona matone yanaungana, au ukiliinamisha mafuta yanatembea, tayari uko kwenye hesabu ya kijiko.

Namna ya kupima ni rahisi, na mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha. Weka kopo juu ya mizani kabla hujapika, bonyeza TARE ili isome 0, ondoa kopo, upulize kama ulivyozoea, kisha lirudishe palepale. Mizani itasoma namba ya kutoa, mathalani -4 g. Hizo gramu 4 ndizo zilizotoka. Usijaribu kuweka kaango juu ya mizani na kupuliza humo moja kwa moja. Mizani nyingi za jikoni hazisikii uzito unaoongezeka kidogo kidogo, zinakaa palepale kwenye 0 hali mafuta yanaingia, na kaango la moto litaiharibu mizani yenyewe.

Kwa kuwa mizani inasoma gramu nzima tu, kupima kila mpulizo kuna kosa lake: gramu moja na nusu inaweza kusomeka 1 au 2. Kwa hiyo mimi huwashauri watu wapime siku nzima kwa pamoja. Liandike kopo uzito wake asubuhi kabla ya chai, ulipime tena usiku ukishafunga jiko. Iwapo kopo ni lako peke yako, hesabu imekwisha. Kama wifi yako au watoto nao hulipuliza, basi pima kabla na baada ya kila pishi lako, au tieni alama makopo mawili.

Nikufanyie hesabu ya siku moja kwa mfano wa mtu apikaye kama ulivyoeleza. Asubuhi kopo lina gramu 163. Akapuliza kwa mayai mawili, mchana akapuliza kwenye kaango la mboga mara mbili, usiku akakaanga kipande cha changu, pande zote mbili. Kopo likapimwa usiku, gramu 151. Zimetoka gramu 12. Si zote mafuta. Ndani ya kopo mna gesi inayoyasukuma, na mna lesithini, ambayo ndiyo hasa inayozuia chakula kushika. Kwa sababu hiyo gramu moja iliyotoka kwenye kopo la gesi hesabu kalori 8, badala ya zile 9 za mafuta matupu. Kumi na mbili mara nane ni 96.

Sasa mtazame wifi. Yeye ametia vijiko vitatu vya chai kwa siku, kimoja kwa kila pishi. Kalori 120, na simu yake inasema 120. Anayepuliza amekula 96, na simu yake inasema 0. Tofauti yao kwenye sahani ni kalori 24, ambayo ni kama nusu ya kijiko cha mafuta. Tofauti yao kwenye simu ni 120. Kwa juma moja, mwenye kopo atakuwa na kalori 672 ambazo amezila na hazimo katika daftari lake. Ukikuta kwako kopo linapungua gramu 3 kwa siku, basi kupuliza kunakusaidia kweli, na ile 0 ilikosea kwa kalori 24 tu. Ukikuta gramu 15, umekuwa ukimimina kwa njia ya kopo.

Kwenye simu, achana na ile orodha ya mafuta ya kupuliza yenye vipimo na 0. Tafuta mafuta ya kupikia ya kawaida, yale ambayo gramu 100 ni kalori 884 hivi, na uchague kuandika kwa gramu. Kwa kuwa orodha hiyo ni ya mafuta matupu na kopo lako lina gesi, punguza kidogo: gramu 9 za kopo ziandike 8, gramu 12 ziandike 11. Ukiziandika kama zilivyo pia si neno, utakuwa umezidisha kalori chache tu, na kosa la upande huo halikuumizi.

Ukishapima siku saba hivi, hutahitaji mizani kila siku. Utakuwa umejua kwamba mayai yako ni gramu 2 na samaki wako ni gramu 5, na mkono ukishazoea hubadilika kidogo sana. Rudia kupima siku moja kila mwezi, na kila unapobadilisha kopo, kwa sababu tundu la kopo moja si tundu la jingine. Hata kopo lilelile likikaribia kuisha hupuliza kwa unyonge, na mtu hushikilia kidole muda mrefu zaidi bila kujua.

Kuna wenye chupa za kujazia wenyewe, zile za kubonyeza kwa kidole, na naona zimekuwa nyingi. Hizo hazina gesi, kwa hiyo kilichotoka ni mafuta matupu na unahesabu kalori 9 kwa gramu. Bonyeza mara kumi ndani ya kikombe kitupu, upime chupa kabla na baada kama nilivyoeleza, ugawanye kwa kumi. Ikipungua gramu 6, kila mbonyezo ni gramu 0.6, yaani kalori 5 na kidogo. Chupa nyingine hutoa mara mbili ya hiyo na nyingine robo yake, kwa hiyo usichukue namba ya jirani. Wapo pia wanaouza mafuta yaliyochanganywa na maji, yenye kuandikwa kalori 1 kwa mbonyezo. Hayo ni mepesi kweli, lakini soma safu ya mililita 100 nyuma ya chupa, na uhesabu mibonyezo yako, maana mtu akiambiwa moja hubonyeza kumi na tano.

Na kijiko nacho kina makosa yake, ili usidhani wifi yako hawezi kukosea. Kijiko cha kupimia cha mililita 5 ni kimoja, na vijiko vya chai vya nyumbani kila seti ina ukubwa wake. Mafuta pia hufanya mgongo juu ya kijiko kabla hayajamwagika, na mgongo ule si mdogo. Kosa kubwa zaidi ni kushika kijiko juu ya sufuria na kumimina kutoka chupani, kinachofurika kikaingia kwenye chakula na kuandikwa kijiko kimoja. Amimine pembeni, juu ya bakuli. Akipenda aipime chupa yake kabla na baada, kama kopo, atapata gramu zake bila kijiko.

Sasa jambo la upishi wenyewe, kwa sababu si kila pishi linafaa kupulizwa. Yai, kipande cha samaki kisichozamishwa, mkate kwenye kaango, chapati ya kumimina juu ya tawa: hapo mafuta kazi yake ni kuzuia kushika tu, na sekunde moja ya kopo inafanya kazi ile ambayo kijiko kizima kingefanya. Kalori 8 badala ya 40, na chakula ni kilekile. Lakini unapounga, kitunguu chataka mafuta ya kukaangikia. Ukipuliza, kitunguu hukauka na kushika chini kabla hakijawa rangi, unapuliza tena, kinashika tena, na mwisho umetoa gramu nyingi kuliko kijiko na kitunguu hakikuiva vizuri. Kwa kuunga, mimina kijiko kimoja kilichopimwa, ukiandike, na utakula chakula chenye ladha. Chapati za kusukuma nazo, mafuta mengi yamo ndani ya mikunjo tangu zinapokandwa, kwa hiyo kupuliza tawa hakukufutii yale ya ndani.

Samaki wa kuzamisha kwenye karai ni hesabu nyingine, nami huipitia haraka. Pima mafuta kabla ya kukaanga, yaache yapoe, uyapime tena na yale yaliyochujika. Kilichopungua ndicho kilichoingia kwenye samaki wote, na unagawa kwa vipande. Usimpime samaki kabla na baada ukadhani tofauti ndiyo mafuta. Akikaangwa hupoteza maji na kunywa mafuta kwa pamoja, anaweza kutoka mwepesi kuliko alivyoingia ilhali amebeba mafuta.

Na nikuombe jambo moja: usipulize kopo juu ya jiko lililowashwa, liwe la gesi au la makaa. Gesi iliyomo mara nyingi ni ya jamii ileile tunayopikia, na ukungu wa mafuta hushika moto kwa kasi. Puliza kaango likiwa baridi, mbali na moto, ndipo uliweke. Kopo lisikae dirishani palipo na jua la Malindi wala kando ya jiko. Na kwenye kaango lisiloshika, ile lesithini ikiungua huacha utando wa kahawia wenye kunata. Kaango likishapata utando, chakula hushika, na mtu hupuliza zaidi akidhani mafuta ndiyo yaliyokuwa machache. Likilowekwa kwa maji moto na sabuni na kusuguliwa kwa kitambaa laini kila baada ya kupika, utaona gramu zako zinashuka zenyewe.

La mwisho nililotaka kukwambia ni la tui. Hukulitaja, lakini mnapika jiko moja Malindi na sidhani siku tatu zinapita bila nazi. Tui zito la kwanza lina kalori karibu 230 kwa gramu 100. Wali uliopikwa kwa nusu lita ya tui hilo umeingiza kalori kama 1,150 kabla ya mchele kuhesabiwa, na kopo lako la mafuta halifikishi hizo hata kwa siku kumi za mfano wetu. Wengi wanaoandika chakula chao huchagua wali mweupe kwenye simu, kwa sababu ndio wa kwanza kuonekana. Pima sufuria tupu, pima tui unalotia, pima sufuria na wali ulioiva, kisha upime unachopakua. Ukila gramu 250 kati ya kilo 2, umekula sehemu moja kwa nane ya lile tui, yaani kalori kama 144, na hizo nazo ziandike. Iwapo kopo lako litakuonyesha gramu 3 au 4 tu kwa siku na mizani ya kujipimia bado haikubaliani na simu, nenda kwenye wali kabla ya kurudi kwenye kaango, na umuulize wifi yako yeye wali wake huuandika vipi.